Chembe Sahani Zinaposhuka: Kwa Nini Mtoto Mara Nyingi Husubiriwa na Mtu Mzima Hutafutiwa Chanzo

Chembe sahani ni vipande vidogo sana vilivyomo ndani ya damu, na kazi yake ni kuziba mshipa unapopasuka. Ukijikata kwa kisu cha jikoni, ndizo za kwanza kufika pale, zinashikana na kufanya kizibo kabla damu haijaganda vizuri. Zikiwa chache mno, hata mishipa midogo inayopasuka kila siku bila sisi kujua huvujisha damu chini ya ngozi.

Makala hii inahusu ugonjwa mmoja unaozipunguza: ule ambao kinga ya mwili wenyewe inageuka na kuziharibu chembe sahani. Kwenye cheti cha hospitali utaukuta umeandikwa kwa kifupi ITP. Si ugonjwa wa kila siku hapa Manchira. Lakini ukitokea huleta hofu kubwa, kwa sababu mtoto aliyekuwa anacheza jana anaamka na mabaka meusi mwili mzima, na majirani wanaanza kuuliza nani kampiga au nani kamroga. Hofu hiyo huwasukuma wazazi kudai dawa kali ambazo mara nyingi mtoto hazihitaji. Mtu mzima, kinyume chake, huweza kukaa na dalili miezi mingi bila kujali, na yeye ndiye aliyetakiwa kupimwa mapema.

Utaijuaje

Kwenye ngozi yetu nyeusi madoa haya yanaweza kukupita. Vitabu vingi vinaonyesha picha za ngozi nyeupe zenye vidoti vyekundu. Kwetu vidoti hivyo huonekana kama vya zambarau au vyeusi, vidogo kama kichwa cha pini, na kwenye ngozi iliyokoza sana huenda visionekane kabisa. Kwa hiyo tazama mahali ambapo rangi ya ngozi ni hafifu: ndani ya mdomo wa chini, kwenye kaakaa, sehemu nyeupe ya jicho, viganja na nyayo. Tazama pia miguu kuanzia goti kwenda chini, na kiunoni pale mpira wa kaptula unapobana.

Chukua glasi ya kawaida ya kunywea maji, igandamize juu ya kidoti. Kipele cha joto au cha mzio hufifia kikibanwa. Kidoti cha damu iliyovuja hakifutiki. Kama mtoto ana vidoti visivyofutika na pia ana homa kali au anaonekana mgonjwa sana, usiendelee kusoma hapa. Mpeleke hospitali wakati huohuo, kwa sababu maambukizi makali ya damu nayo huanza hivyo.

Mtoto mwenye ITP kwa kawaida haonekani mgonjwa. Anakula, anakimbia, anagombana na wenzake, ila ana mabaka. Hilo huwashangaza watu, lakini kwa mhudumu wa afya ni dokezo kubwa.

Kwa nini zinapungua

Chembe sahani hutengenezwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Kila moja huishi siku 7 hadi 10 hivi, kisha huondolewa, hasa na bandama, ambayo wengine huiita wengu, iliyoko upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwa mtu mwenye afya hesabu huwa kati ya 150 na 450 kwenye karatasi ya majibu, mstari ulioandikwa PLT. Namba hizo ni maelfu: 150 maana yake ni chembe laki moja na nusu katika maikrolita moja ya damu, yaani kitone kidogo mno.

Katika ITP, mwili hutengeneza kingamwili zinazojibandika kwenye chembe sahani kana kwamba ni vijidudu. Bandama ikiona chembe yenye alama hiyo huimeza. Chembe iliyopaswa kuishi wiki nzima inaishi siku moja, au saa chache tu. Uboho nao hauongezi uzalishaji inavyotakiwa, kwa kuwa kingamwili hizohizo huzidhuru hata zile seli mama zinazozaa chembe sahani.

Namna watu walivyolijua jambo hili inafaa kusimuliwa. Mwaka 1950, katika mji wa St. Louis huko Marekani, daktari kijana aitwaye William Harrington aliamini kuwa kitu kinachoharibu chembe sahani kinaelea ndani ya damu ya mgonjwa. Akachukua damu ya mgonjwa mwenye ITP, kiasi cha nusu lita, akajiongezea mwenyewe. Katika saa chache chembe sahani zake zikaporomoka, akapata degedege, na akabaki na mabaka kwa siku kadhaa mpaka hesabu ilipopanda yenyewe. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu. Lakini jaribio lake lilionyesha kuwa uboho wa mtu unaweza kuwa mzima kabisa huku chembe zake zikiliwa njiani.

Ndiyo sababu pia kuongezewa damu hakutibu ITP. Wazazi wengi huomba mtoto aongezewe, na nawaelewa. Damu ya kawaida huongeza wekundu wa damu kwa aliyepoteza damu nyingi. Haipandishi chembe sahani kwa kiasi cha maana. Hata zikiletwa chembe sahani tupu kwenye mfuko wake, nazo zitaharibiwa kama zile za mwanzo. Hutolewa tu pale mtu anapovuja damu kwa namna inayohatarisha uhai, ili kununua muda wakati dawa nyingine zinaanza kufanya kazi.

Kabla ya kuiita ITP

Hakuna kipimo kimoja kinachosema "hii ni ITP". Daktari hufika hapo kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na kwetu mkoa wa Mara sababu ya kwanza kuondolewa ni malaria. Malaria hushusha chembe sahani kwa watu wengi sana, watoto na watu wazima, na bandama iliyovimba kwa malaria huzishikilia nyingi zaidi. Lakini mara chache mtu huvuja damu kwa sababu hiyo, na malaria ikitibiwa hesabu hupanda ndani ya wiki moja hivi. Mtu mwenye homa, kipimo cha haraka cha malaria kinachosoma ndiyo, na PLT 70, hana haja ya kuambiwa ana ITP. Anatibiwa malaria kisha anarudia kipimo.

Sababu ya pili inatoka kwenye chupa yenyewe. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau, na hutakiwa kugeuzwageuzwa polepole mara tu inapotolewa. Ikikaa bila kuchanganywa, au sindano ikipata shida kwenye mshipa mdogo wa mtoto, chembe sahani hushikana mafungu, na mashine inahesabu fungu zima kama kitu kimoja. Wapo pia watu ambao dawa iliyomo kwenye kichupa hicho ndiyo inayoshikanisha chembe zao, ingawa mwilini ziko sawa. Jibu linatoka PLT 20 kwa mtu asiye na baka hata moja. Kwa hiyo jibu la kushangaza hurudiwa, na mtaalamu wa maabara hupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Ningependa kila mzazi ajue kuomba jambo hili moja: "Damu imeangaliwa kwa hadubini?"

Hadubini hiyohiyo inajibu swali linalotisha zaidi, la saratani ya damu. Katika ITP chembe sahani ndizo pekee zilizopungua. Wekundu wa damu na chembe nyeupe viko sawa, isipokuwa mgonjwa awe amepoteza damu nyingi. Katika saratani ya damu mara nyingi zaidi ya aina moja ya chembe huwa na kasoro, na mtoto ana dalili nyingine: homa zisizoisha, kupauka, kukonda, maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku, mitoki shingoni, ini au bandama kubwa. Mtoto mwenye ITP kwa kawaida bandama yake haigusiki. Ikigusika, daktari huuliza upya, ingawa katika eneo letu malaria za kurudiarudia nazo huikuza bandama, hivyo ishara hii haiamui peke yake.

Angalizo moja kuhusu dawa za jamii ya prednizoloni, ambazo ndizo dawa kuu za ITP: zinaweza kuificha saratani ya damu kwa muda na kufanya matibabu yake ya baadaye kuwa magumu. Kwa hiyo zisianzwe kwa mtoto kabla damu haijatazamwa vizuri, na zisinunuliwe dukani kwa kukisia.

Mtoto

ITP ya utotoni huwapata zaidi wenye umri wa miaka 2 hadi 6. Huja ghafla, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya mafua au homa nyingine ya virusi. Kinga iliyotengenezwa kupambana na virusi inakosea shabaha. Virusi vikishasahaulika, katika watoto wengi kinga nayo hujirekebisha. Kwa kila watoto watano wanaoupata ugonjwa huu, karibu wanne hupona ndani ya mwaka mmoja, wengi wao ndani ya miezi michache, wawe wamepewa dawa au hawakupewa.

Neno hilo la mwisho ndilo lililobadilisha matibabu. Dawa hupandisha hesabu haraka zaidi, lakini hazifupishi ugonjwa wenyewe. Na kuvuja damu kwenye ubongo, ambako ndiko kila mtu anakuogopa, hutokea kwa watoto wachache sana, chini ya mmoja kwa kila 100. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Damu cha Marekani wa mwaka 2019 unapendekeza kuwa mtoto mwenye mabaka na vidoti vya ngozi tu, asiyevuja damu kwingine, aangaliwe bila dawa, hata kama namba yake ni ndogo mno. Kinachotibiwa ni kuvuja damu. Namba iliyo kwenye karatasi haitoshi peke yake.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 4, mwenye kilo 16, kutoka kijiji kilicho mbali kidogo na barabara ya Mugumu. Alikuwa na mafua, yakaisha. Siku 12 baadaye mama yake anamwogesha na kuona mabaka mapajani na mgongoni, vidoti miguuni, na alasiri hiyo pua inatoka damu kwa dakika 5, kisha inakoma. Anakula vizuri. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Majibu ya damu: wekundu wa damu 11.4, chembe nyeupe 7.6, PLT 9. Damu inachukuliwa tena, inatazamwa kwa hadubini: chembe sahani ni chache kweli, nyingine ni kubwa kuliko kawaida, chembe nyingine zote ni nzuri. Kipimo cha VVU hakionyeshi maambukizi. Bandama haigusiki, hakuna mitoki.

Namba 9 inatisha. Hata hivyo mtoto huyu hana malengelenge ya damu mdomoni, choo na mkojo ni safi, na pua ilikoma haraka. Kama mama anaweza kurudi kliniki kila wiki, na kufika hospitali haraka hali ikibadilika, anaruhusiwa kwenda nyumbani bila kidonge. Wiki ya kwanza PLT ni 14. Wiki ya tatu ni 38, na mabaka mapya yamekoma. Wiki ya nane ni 165. Hivyo ndivyo ITP nyingi za utotoni zinavyokwenda, ingawa wapo wanaokaa kwenye 20 au 30 kwa miezi sita na bado hawavuji damu.

Kwetu neno "kama anaweza kurudi" lina uzito. Nyumba ambayo mvua za Aprili zikinyesha bodaboda haipiti haiko sawa na nyumba iliyo mita 500 kutoka hospitali. Mwongozo wenyewe unakubali kuwa mtoto anayeishi mbali na hospitali, au ambaye utambuzi wa ugonjwa wake bado una shaka, anaweza kulazwa ingawa kwa dalili zake pekee asingehitaji. Kwa hiyo mweleze daktari ukweli kuhusu umbali, usafiri na simu. Usione aibu, kwani ni sehemu ya maelezo ya ugonjwa.

Mtoto anapewa dawa anapovuja damu kwenye sehemu za ndani zenye unyevu: ufizi unaotoka damu wenyewe, malengelenge ya damu mdomoni, pua inayorudia na kukawia kukoma, damu kwenye mkojo au choo. Dawa ya kwanza ni prednizoloni kwa muda mfupi, siku 5 hadi 7, kwa kipimo ambacho daktari anakipiga kwa uzito wa mtoto: miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, bila kuzidi miligramu 120. Mtoto atakuwa na njaa kubwa na hasira za ajabu. Zitaisha dawa ikiisha. Ipo pia imunoglobulini inayotiwa mshipani, ambayo hupandisha hesabu kwa siku moja au mbili, lakini ni ghali mno. Mara nyingi hutunzwa kwa dharura.

Nyumbani kwa mtoto huyu kuna mambo yanayomweka hatarini kuliko hiyo namba 9. Apewe parasetamoli akiwa na homa au maumivu, asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa hizo hulegeza chembe sahani chache alizobakiwa nazo. Asichomwe sindano ya msuli takoni. Mwambie kila mhudumu kabla hajamgusa, hata kama unadhani amesoma cheti. Asikatwe kimeo, asichanjwe chale za dawa, asing'olewe jino bila daktari kujua. Na kama msimu wa tohara unakaribia, mvulana huyu asubiri mpaka hesabu irudi. Nazungumza na babu na baba wadogo hapa zaidi kuliko mama: kumwahirisha hakumpunguzii kitu, na jeraha la tohara kwa mtoto mwenye chembe sahani 9 linaweza kumuua. Kuhusu wasichana, ukeketaji ni kosa la jinai na ni hatari hata kwa mwenye damu nzima.

Kucheza aendelee, ila asipande miti, asipande baiskeli, na asicheze mpira wa kugongana hesabu ikiwa ndogo. Chanjo zake zisiachwe kwa uamuzi wa nyumbani. Ni kweli kuwa chanjo yenye surua huweza kushusha chembe sahani kwa watoto wachache sana, lakini surua na rubela zenyewe hufanya hivyo mara nyingi zaidi. Muuguzi na daktari watapanga siku na namna ya kuchoma.

Mtu mzima

Kwa mtu mzima hadithi inageuka. Ugonjwa huja polepole. Watu hukumbuka mabaka ya miezi mingi, au hedhi iliyozidi kuwa nzito mwaka mzima. Katika umri wa ujana na uzazi wanawake huupata zaidi ya wanaume. Na kwa walio wengi hauondoki wenyewe: unapita miezi 12, ambapo madaktari huuita wa kudumu. Hatari ya kuvuja damu nayo ni kubwa kuliko ya mtoto, na huongezeka kwa mwenye zaidi ya miaka 60, mwenye shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Tofauti nyingine ni kuwa nyuma ya ITP ya mtu mzima wakati mwingine kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kwetu wa kwanza kutafutwa ni VVU, kwa maana chembe sahani kushuka inaweza kuwa dalili ya kwanza kabla ya nyingine yoyote. Hufuata homa ya ini aina ya C, ugonjwa wa lupasi ambao hushambulia viungo, ngozi na figo, na bakteria wa vidonda vya tumbo. Kisha dawa: kwinini inajulikana kushusha chembe sahani ghafla, na baadhi ya antibaiotiki pia. Mgonjwa aje na kila alichomeza, pamoja na mitishamba, hata kama ni chupa tu isiyo na jina. Mjamzito yuko pembeni kidogo, kwani chembe sahani hupungua kidogo katika mimba ya kawaida. Lakini zikishuka chini ya 100 hospitali itataka kujua sababu, hasa kama shinikizo la damu limepanda.

Mfano wa pili ni wa mwanamke wa miaka 34. Anakuja kwa sababu ya uchovu. Akiulizwa anasema hedhi yake sasa huchukua siku 9 na anabadilisha pedi kila saa mbili. Ana vidoti miguuni ambavyo alidhani ni vipele vya majani ya shambani. Wekundu wa damu 8.1, PLT 22, malaria hakuna. Namba yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mvulana. Hata hivyo yeye ndiye anayehitaji dawa, kwa kuwa anavuja damu kiasi cha kuishiwa. Kipimo cha VVU kinaonyesha maambukizi.

Hapo matibabu yanakuwa na sehemu mbili. ARV zinaanzishwa, na kwa wagonjwa wengi wa aina hii hizo peke yake hupandisha chembe sahani katika wiki na miezi inayofuata, kwa vile chanzo kimedhibitiwa. Lakini hawezi kungoja miezi akiwa anavuja, hivyo anapewa pia prednizoloni kwa muda mfupi, dawa ya kupunguza hedhi, na vidonge vya madini ya chuma. Kabla ya prednizoloni anaulizwa kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu dawa hiyo huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Huenda akapewa pia dawa ya minyoo, maana aina moja ya mnyoo anayeingia kupitia ngozi ya miguu anaweza kusambaa mwilini kinga ikishushwa.

Kwa mtu mzima asiye na chanzo kingine, mstari unaotumika sana ni 30. Akiwa chini ya 30, mwongozo niliotaja unapendekeza prednizoloni au dawa ya jamii yake hata kama havuji sana. Akiwa 30 au zaidi bila kuvuja damu, anaangaliwa tu. Mstari huu si ukuta: mzee wa miaka 70 mwenye 35 anayetumia dawa za moyo anaweza kutibiwa, na kijana mwenye 28 asiye na dalili anaweza kuangaliwa kwanza. Anayetakiwa kufanyiwa upasuaji au kung'olewa jino naye huhitaji hesabu ya juu zaidi kwa siku hiyo.

Prednizoloni kwa mtu mzima isizidi wiki 6 pamoja na zile za kuipunguza. Wengi huitikia vizuri, lakini wengi pia hushuka tena dawa ikipunguzwa, na hapo ndipo tatizo linapoanza: mgonjwa anaendelea kujinunulia kwa miezi, kwa sababu ni rahisi na humfanya ajisikie vizuri. Baadaye anakuja na uso uliovimba, sukari na shinikizo la damu vimepanda, mifupa imelegea. Na aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla siku moja, kwani mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe, anaweza kuzirai.

Akishuka tena, rufaa ni kwa daktari bingwa, kwetu kwa kawaida Bugando huko Mwanza. Zipo dawa mpya, eltrombopagi na romiplostimu, zinazousukuma uboho uzalishe zaidi. Bei yake ndiyo kikwazo. Upo pia upasuaji wa kuondoa bandama, tiba iliyojaribiwa mara ya kwanza Prague mwaka 1916, na hadi leo takriban wawili kwa kila watatu hupata nafuu ya muda mrefu. Kwa mtu anayeishi eneo la malaria uamuzi huu si mwepesi. Bandama huchuja vimelea vya malaria na bakteria wakali; asiye nayo hulazwa haraka kwa homa ambayo mwenzake angeimaliza kwa vidonge. Ndiyo maana madaktari hungoja angalau mwaka mmoja, hutanguliza chanjo, na kwa watoto huukwepa kabisa wanapoweza.

Usisubiri asubuhi

Kwa mtoto au mtu mzima mwenye chembe sahani chache, nenda hospitali saa hiyohiyo ukiona kichwa kinachouma sana kuliko kawaida, kutapika kusikoisha, usingizi usio wa kawaida, degedege, mkono au mguu kulegea, au kama ameanguka na kujigonga kichwa hata kama anaonekana mzima. Vivyo hivyo kwa choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, pedi inayojaa kila saa, au pua inayotoka damu zaidi ya dakika 20 ingawa unaibana sawasawa.

Kuibana sawasawa maana yake ni hivi. Mkalishe, ainamishe kichwa mbele wala asikilaze nyuma, ubane sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 kamili kwa saa, bila kuchungulia kila mara. Damu ya mdomoni aiteme, asiimeze, maana akiimeza atatapika na utashindwa kujua inatoka wapi.

Beba karatasi ya majibu ya mwisho. Kwa mhudumu wa zamu ya usiku asiyemjua mgonjwa, namba ya wiki iliyopita na tarehe yake humwonyesha kama hali inapanda au inashuka. Aliyeambiwa ana ITP arudie kipimo kila wiki mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi hesabu inapopanda. Ikifika miezi 3 bila kupona, historia yake ipitiwe upya na vipimo vilivyorukwa vifanywe. Ikifika miezi 12, hata mtoto ambaye havuji damu aonwe na daktari bingwa.